Nimeomba kupunguziwa kodi, mwenye nyumba kanyamaza. Nimekosea wapi?

#1 MgeniWaJengo
Habari za humu. Nimepata nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, haina lifti. Nimeipenda. Kodi iliyotangazwa nitaiita 100, ili kila mtu apige hesabu kwa fedha ya kwao. Tangazo lina wiki ya saba sasa, picha ni zilezile.

Nilikwenda kuikagua Jumamosi pamoja na dalali. Nilipofungua bomba la jikoni na la bafuni kwa wakati mmoja, maji ya jikoni yakawa membamba kama uzi. Chini ya dirisha la chumba kikubwa rangi imevimba. Nikaibonyeza kwa kidole ikapasuka, na ndani kuna unga wa plasta wenye unyevu.

Jumapili nikamwandikia mwenye nyumba hivi:

"Shikamoo. Nimeipenda nyumba ila kodi iko juu kwangu. Mshahara wangu ni mdogo na nina wadogo wanaonitegemea. Pia kuna unyevu na maji hayana nguvu. Naomba unifanyie 75. Ahsante."

Leo ni siku ya nne. Ameusoma, hajajibu. Nimekosea wapi, na bado naweza kurekebisha?

#2 TaaYaMshumaa
75 ndiyo iliyokuponza. Robo nzima ya kodi! Angekujibu nini? Mtu akiona pengo kubwa hivyo anajua hamtakutana, anaona bora aokoe muda wake.

#3 BeiChee
Sikubaliani na #2. Wenye nyumba wote huweka cha juu wakijua utashusha. Mimi siku zote naanza na 70, tunakutana 85. Ukianza na 90 umejifunga mwenyewe. Tatizo lako ni kuandika. Mambo ya bei yanataka sauti, piga simu.

#4 FunguoSaba
Mimi ni mwenye nyumba, ninazo chache za kupangisha. Mwanangu, nikuambie nilivyousoma ujumbe wako kabla hata sijafika kwenye hiyo 75. Sentensi ya pili: mshahara mdogo, wadogo wanaokutegemea. Hapo nimeshawaza mwezi wa nne nitakapokuwa nakupigia simu kuuliza kodi iko wapi. Umeniomba nishushe bei, na papo hapo umeniambia kwamba hata iliyoshuka huenda ikakushinda. Nisingekujibu vibaya. Ningekaa tu nisubiri mwingine.

Mfuko wako si sababu ya nyumba yangu kuwa rahisi. Sababu inayonigusa ni ile inayohusu nyumba yenyewe, nyumba za jirani, au faida nitakayoipata kwa kukuchukua wewe badala ya kusubiri.

#5 MgeniWaJengo
Shikamoo mama, ahsante. Nilidhani kusema ukweli kungemlainisha.

#6 FunguoSaba
Marahaba. Ukweli ni mzuri, ila ulichagua ukweli wa kunitisha. Ungeweza kusema una kazi ya kudumu na unalipa kodi kila mwezi, nao ungekuwa ukweli vilevile.

#7 Kibarua_Huru
Jamani na mimi mwenye nyumba wangu ameniongezea kodi juzi tu bila hata kunipa muda, nafanyaje? Nimo ndani mwaka wa tatu huu.

#8 TaaYaMshumaa
Ndugu, huo ni mwaka mwingine na mkataba mwingine 😄 Mwenzako hajaingia bado. Wewe soma mkataba wako na sheria ya pango ya nchi yako kuhusu notisi, kisha ufungue uzi wako tutakuja.

#9 Msongole
Nimewahi kufanya udalali. Hakuna aliyeuliza jambo hili: ulimwandikia mwenye nyumba moja kwa moja wakati nyumba umeonyeshwa na dalali? Nadhani kimya kimetokea hapo. Mwenye nyumba alimpigia dalali, dalali akajihisi karukwa, akasema "huyo si mtu wa maana". Limekwisha.

#10 BeiChee
Dalali hataki bei ishuke maana na fungu lake linashuka. Kumruka ni sahihi kabisa.

#11 Msongole
Hapana BeiChee, piga hesabu. Ikiwa fungu langu linatokana na kodi, kodi ikishuka kutoka 100 hadi 94 nimepoteza sehemu 6 katika 100 za fungu langu. Mteja akiondoka nimepoteza lote, na nitapanda zile ngazi tena na watu wengine watano. Dalali anataka mkataba usainiwe wiki hii. Mara nyingi yeye ndiye anayemwambia mwenye nyumba "mzee, shusha kidogo huyu asiondoke". Mpe sababu nzuri za kupeleka, atazipeleka. Lakini umpe kwa maandishi, maana akizisema kwa mdomo zinafika nusu.

#12 Mizani
Nimefanya kazi ya kusimamia majengo ya watu kwa muda mrefu. Nashukuru #4 na #11, yote mawili ni kweli. Naongeza jambo ambalo naona limechanganywa kwenye ujumbe wa mwanzo.

Ndugu MgeniWaJengo, umeweka kasoro zako zote kwenye kapu moja. Zitenganishe. Kuna kasoro zinazorekebishika, kama ule unyevu na maji kukosa nguvu. Na kuna zisizorekebishika: ghorofa ya tatu bila lifti, ukubwa wa vyumba, kelele za barabara. Zile za pili ndizo za kuombea punguzo, kwa sababu utaishi nazo kila siku na hakuna fundi wa kuziondoa. Za kwanza ni za kuombea matengenezo, yenye tarehe, kabla ya kukabidhiwa funguo.

Ukisema "kuna unyevu, nifanyie 75" na yeye akakubali, unyevu umekuwa wako. Mwezi wa pili ukimlalamikia atakujibu kwamba mlishaelewana, ndiyo maana ulishushiwa. Na unyevu haukai pale ulipo. Maji yanaingia kwenye ungio la fremu ya dirisha au kwenye ufa wa nje, plasta inakuwa laini, halafu ukungu unaanza kwenye nguo kabatini. Ukiona amepaka rangi mpya tu juu yake, jua hajatibu. Muulize fundi alifanya nini upande wa nje. Sehemu iliyokauka kweli ukiigonga inatoa sauti ya kitu kigumu, haitoi vumbi.

#13 Kibarua_Huru
Hii ya kapu mbili imenigusa. Mimi nilipunguziwa kidogo kwa sababu ya choo kuvuja, sasa mwaka wa tatu nakinga ndoo.

#14 Zuhura_wa_Ngazi
Pole sana. Mimi nilipata punguzo kwa kulipa miezi mingi kwa mkupuo. Nadhani ndiyo njia rahisi kuliko zote, hakuna mwenye nyumba anayekataa fedha mkononi.

#15 Kibarua_Huru
Na kitu kikiharibika?

#16 Zuhura_wa_Ngazi
Pampu ilikufa mwezi wa tatu. Nilipiga simu wiki tano. Nakiri, angekuwa anasubiri kodi yangu ya mwezi ule angekuja mapema. Lakini punguzo nililipata.

#17 Mizani
Dada Zuhura umesema vyema pande zote mbili. Kulipa mbele ni kitu cha thamani, kwa hiyo kiuzwe kwa bei yake, kisitolewe kama nyongeza ya heshima. Na asilipe mbele mtu ambaye matengenezo yake bado hayajafanyika.

#18 MgeniWaJengo
Nimeelewa kapu mbili. Sasa namba. Kama 75 ni kosa, niseme ngapi? Nimetafuta zinazofanana. Moja mtaa uleule, vyumba viwili, inatangazwa 92, haina maegesho. Ya pili 95, ina maegesho, iko chini. Ya tatu 105 lakini imekarabatiwa yote.

#19 BeiChee
Sema 80, mkutane 90. Na mwambie nyumba yake imekaa wazi wiki saba, ameshapoteza karibu kodi ya miezi miwili, akaze roho apunguze.

#20 Mizani
Wiki saba zilizopita usizitaje kama hasara yake. Zimekwenda, akikupa wewe au asikupe hazirudi, na zaidi utakuwa umemuumiza. Kinachomhusu ni siku zijazo: nyumba itakaa wazi muda gani tena akikukataa? Wiki saba zinafaa kama dalili tu kwamba kwa 100 watu hawaji haraka.

Twende kwenye namba. Ile ya 105 iweke kando, si ya aina moja na hii. Ya 92 haina maegesho, hii unayoitaka je?

#21 MgeniWaJengo
Ina nafasi moja ya gari. Mimi sina gari.

#22 Mizani
Basi kwa soko hii inaizidi ile ya 92 kidogo, hata kama wewe maegesho hayakusaidii. Ya 95 ina maegesho na huna ngazi za kupanda, kwa hiyo inaizidi yako. Yako inaangukia kati ya 92 na 95. Kumbuka hizo nazo ni bei za matangazo, bado hazijasainiwa, na zinaweza kushuka. Mimi ningelenga 94 na ningefungua kwa 90.

90 unaweza kuieleza kwa kinywa chako bila kubabaika, 75 huwezi. Akikuuliza "75 umeitoa wapi?" utajibu nini?

Sasa tazama upande wake. Akikupa kwa 94 kuanzia tarehe moja, kwa mwaka atapata 94 mara 12, yaani 1,128. Akisubiri mwezi mmoja zaidi apate mtu wa 100, atapata miezi 11, yaani 1,100. Wewe umemzidishia 28. Akimpata mtu wa 100 ndani ya wiki mbili, atapata kama 1,150, na hapo ana haki ya kukukataa. Mpaka kati ya faida na hasara yake ni kama siku 22 za kusubiri. Nyumba ambayo tangazo lina siku nne, hesabu hii haikusaidii. Ya wiki saba inakusaidia.

#23 FunguoSaba
Mizani, hesabu yako naikubali kwa mwaka mmoja tu. Wapangaji wanaoomba punguzo huniambia papo hapo "nitakaa miaka miwili, mitatu". Hapo wananiharibia. Miaka miwili kwa 94 ni 2,256. Nikisubiri mwezi mmoja nimpate wa 100 naye akae miaka miwili, nina 2,300. Kwa hiyo kadiri unavyokaa ndivyo punguzo linavyonila. Anayesema "nipunguzie kwa sababu nitakaa sana" anadhani ananipa zawadi, kumbe ananiongezea mzigo.

#24 Msongole
Mama FunguoSaba, huyo wa 100 una hakika gani atakaa miaka miwili? Akiondoka baada ya mwaka, unarudi kwenye rangi, usafi, dalali, na mwezi mwingine mtupu.

#25 FunguoSaba
Sina hakika. Ila na huyu wa 94 sina. Maneno ya kukaa sana ni ya mdomoni, mkataba ni wa mwaka.

#26 Mizani
Mama yuko sahihi, nami nilirahisisha. Njia ya kuwapatanisha ni kuandika mkataba wa miaka miwili wenye ngazi: mwaka wa kwanza 94, wa pili 100. Jumla 2,328, inazidi ile 2,300 ya kusubiri. Mpangaji anapata nafuu mwaka wa kuhamia, ambao ndio wenye gharama nyingi, na anajua kabisa mwaka wa pili utakuwaje. Kama wa pili ungekuwa 97 ni 2,292, karibu sawasawa.

#27 TaaYaMshumaa
Mbona mnampa mwenye nyumba kila kitu? Hapo mpangaji amepata nafuu ya mwaka mmoja tu.

#28 Mizani
Ndiyo. Na kabla hujaomba alikuwa na nafuu ya sifuri.

#29 BeiChee
Bado nasema 90 ni kujifunga. Mimi nimepata 85 kwa kuanza na 70, mara mbili. Namba zenu nzuri ila watu hawakai na kalamu.

#30 Zuhura_wa_Ngazi
BeiChee ni mara ngapi ulikataliwa kwa hiyo 70 lakini hutuhesabii? 🙂

#31 BeiChee
Nyingi tu. Lakini mbili zimetosha, mtu anahitaji nyumba moja kwa wakati mmoja.

#32 Msongole
Hapo kanishinda. Ila kwa anayetaka nyumba hii hii, kama mleta uzi, njia ya BeiChee ni ya hatari. Inamfaa ambaye nyumba yoyote ni sawa kwake.

#33 MgeniWaJengo
Nimeandika upya. Nitampitishia dalali, nakala kwa mwenye nyumba. Naomba mnikosoe kabla sijatuma:

"Shikamoo mzee. Samahani kwa ujumbe wangu wa kwanza, niliandika kwa haraka. Nyumba nimeipenda na niko tayari kuingia tarehe moja. Nina kazi ya kudumu na naweza kuonyesha risiti za kodi ninakoishi sasa. Nimeona nyumba mbili za ukubwa huu mtaani kwa 92 na 95, ya 95 ikiwa chini. Kwa kuwa hii ni ghorofa ya tatu bila lifti, napendekeza 90 kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mbali na kodi, naomba ukuta chini ya dirisha la chumba kikubwa utengenezwe, na maji ya jikoni yaangaliwe, kabla sijakabidhiwa funguo. Naweza kuja na dalali siku yoyote baada ya saa kumi. Nitafurahi kusikia kauli yako kufikia Ijumaa."

#34 FunguoSaba
Huu ningekujibu siku hiyohiyo. Ondoa tu "kufikia Ijumaa", inasikika kama amri kwa mzee. Sema kwamba unatakiwa kutoa jibu unakoishi mwisho wa wiki, kama ni kweli.

#35 Mizani
Na risiti hizo uwe nazo kweli. Ya mwisho atakuomba.

#36 MgeniWaJengo
Ninazo, za miezi 14. Ni kweli pia kwamba natakiwa kutoa jibu, nitaandika hivyo. Natuma.

#37 Kibarua_Huru
Tunasubiri. Mimi nimefungua uzi wangu, hakuna hata mmoja aliyekuja.

#38 TaaYaMshumaa
Nakuja ndugu, nakuja.

#39 MgeniWaJengo
Amejibu! Alipiga simu mwenyewe. Kumbe mara ya kwanza alikuwa safarini, na anasema dalali hakumwambia lolote. Dalali anasema alimwambia. Hata sijui.

Jibu lake: ukuta na maji atatengeneza. Kodi haishuki, inabaki 100, lakini mwezi wa kwanza atanipa bure. Nimemuuliza kwa nini asishushe, akasema chini yangu kuna wapangaji wawili wanaolipa 100 na wakisikia watakuja wote mlangoni.

#40 Msongole
Hiyo sababu ni ya kweli kabisa, nimeiona mara nyingi. Namba ya mkataba husambaa. Mwezi wa bure hausambai.

#41 BeiChee
Au ana mkopo wa benki na benki inatazama kodi ya kwenye mikataba.

#42 FunguoSaba
Au anataka mwakani akikuongezea aanzie 100, si 94. Mimi ningetaka hivyo, sifichi.

#43 MgeniWaJengo
Nichukue?

#44 Mizani
Inategemea utakaa muda gani. Mwezi wa bure unakuokolea 100 kwa mara moja. Kodi ya 94 ingekuokolea 6 kila mwezi, na ungehitaji karibu miezi 17 kuifikia hiyo 100. Kwa mwaka mmoja, alichokupa yeye kinaizidi 94 uliyokuwa unailenga: utalipa 1,100 badala ya 1,128. Ukikaa miwili, na kodi isipobadilika, 94 ingekuwa nafuu kwa 44.

Iandikwe mkatabani ni mwezi upi wa bure, na kama ukiondoka kabla ya mwaka utaurudisha au la. Watu hugombana hapo.

#45 Zuhura_wa_Ngazi
Na aombe mwezi wa bure uanze baada ya ukuta kutengenezwa. Asije akautumia mwezi wake wa bure na mafundi chumbani.

#46 TaaYaMshumaa
Mimi ningerudi na 97 pamoja na nusu mwezi bure.

#47 FunguoSaba
Ameshakuambia namba haishuki na ametoa sababu. Ukirudi na 97 umeonyesha hukumsikia. Omba vya pembeni, kama alivyosema Zuhura.

#48 BeiChee
Rudi na 92 😄

#49 MgeniWaJengo
Ahsanteni nyote. Sijaamua. Kazi yangu inaweza kunihamisha baada ya mwaka, na inaweza isinihamishe, kwa hiyo ile miezi 17 ndiyo inayonisumbua. Jumamosi narudi na fundi, tunagonga ukuta na kufungua mabomba yote mawili. Nikiona uzi ule wa maji tena, sijui kama hata mwezi wa bure unatosha.

#50 Kibarua_Huru
Ukienda muulize huyo fundi na mambo ya choo kinachovuja.